Mali kauli au taslimu: hesabu ya kopo lililopo shelfuni

"Dada, acha hapo kumi na mbili, zikiisha uje." Mtengenezaji wa vipodozi vya mikono anayeanza kuzungusha bidhaa zake madukani, awe Sinza, Tabata au Arusha mjini, huyasikia maneno hayo hata kabla hajamaliza kufungua begi. Wengi huondoka wamefurahi, maana mwenye duka hajakataa. Lakini hapo makubaliano ya biashara yameshafungwa, na yameelemea upande mmoja. Bei ya kukabidhiana haikutajwa. Siku ya kuhesabu haikupangwa. Hakuna aliyesema makopo yakipotea ni ya nani, na hilo "zikiisha" linaweza kuwa mwezi ujao au Krismasi.

Njia za kuingiza bidhaa dukani ni mbili, na nyingine zote ni michanganyiko yake. Ya kwanza ni kuuza kwa jumla: duka linanunua, linalipa, mali inakuwa yake, isipotoka ni mzigo wake. Ya pili ni mali kauli: bidhaa inakaa shelfuni kwa mwenye duka lakini inabaki yako, naye anakulipa kile tu kilichouzwa. Watu hubishania asilimia wakati jambo linaloamua asilimia hiyo ni moja tu: kopo linapokaa likimsubiri mteja, hela iliyomo ndani yake ni ya nani? Kwa jumla ni ya mwenye duka. Kwa mali kauli ni yako, yaani umemkopesha mzigo bila riba, naye amekukopesha nafasi ya shelfu. Ukishaliona hivyo, utaelewa kwa nini ni makosa kumpa wa mali kauli punguzo lile lile unalompa anayelipa taslimu.

Tuchukue mfano wa kubuni, bidhaa moja na hesabu nyepesi. Mtengenezaji wa Dar es Salaam anapika mafuta ya mgando ya kupaka mwilini, ya nazi na shea, kopo la gramu 150. Malighafi zinamgharimu shilingi 2,700 kwa kopo. Kopo lenyewe, kifuniko na lebo ni 1,300. Kazi yake, ambayo wengi husahau kuihesabu, ameiwekea 1,000. Jumla ni 5,000. Anataka kopo liuzwe dukani kwa 10,000.

Mwenye famasi anamwambia, "Mimi naweka asilimia thelathini." Hapo ndipo pa kusimama na kuuliza: thelathini ya nini? Akimaanisha thelathini ya bei ya shelfuni, anabaki na 3,000 na mtengenezaji anapata 7,000. Akimaanisha anaongeza thelathini juu ya bei aliyonunulia, basi ili kopo lifike 10,000 yeye atalinunua kwa takribani 7,690. Tofauti ya karibu shilingi 700 kwa kila kopo imejificha katika neno ambalo halikutamkwa. Wafanyabiashara wengine huzungumza kwa njia ya kwanza, wengine ya pili, na mara nyingi hawajui kwamba mwenzao anazungumza kwa nyingine. Dawa yake ni kuacha asilimia na kutaja shilingi: "Mimi naikabidhi kwa 7,000, shelfuni isomeke 10,000."

Sasa tuingie kwenye mali kauli. Kwa kuwa mwenye duka haweki hela yake, mtengenezaji wetu anampa asilimia 20 badala ya 30. Kila kopo likiuzwa yeye anapata 8,000. Kwenye karatasi amepata shilingi 1,000 zaidi ya bei ya jumla, na anaona amecheza vizuri. Anaacha makopo 24 kwa mpigo.

Miezi mitatu baadaye, makopo 20 yameuzwa. Mawili yameharibika lebo na vifuniko, mawili yamerudi mazima. Amepokea 160,000. Makopo 22 ambayo hayapo tena yalimgharimu 110,000, kwa hiyo amebakiwa na 50,000. Lakini alikwenda duka hilo mara sita, ikiwemo safari ya kupeleka mzigo, na kila safari ilimla nauli ya 4,000. Mkononi inabaki 26,000, baada ya miezi mitatu.

Kama angeuza makopo hayo hayo 24 kwa jumla, angepokea 168,000 siku hiyo hiyo. Toa gharama ya 120,000 na nauli ya safari moja, anabaki na 44,000. Na 168,000 hizo angekwishazirudisha jikoni kupika tena mara mbili au tatu. Ile 1,000 ya ziada kwa kila kopo ililiwa na nauli, makopo yaliyoharibika na kusubiri.

Je, basi mali kauli haifai? Inafaa, lakini inataka kuendeshwa tofauti. Duka lile linauza kama makopo sita au saba kwa mwezi. Angeweka 10, siyo 24. Angehesabu mara moja kwa mwezi, na angeipanga safari hiyo apitie maduka manne yaliyo kwenye njia moja, ili nauli ya 4,000 igawanyike na kila duka libebe 1,000. Kwa safari nne na makopo 20 yaliyouzwa bila hata moja kuharibika, angebaki na 56,000, ambapo makopo 20 kwa jumla yangempa faida ya 40,000 kabla ya nauli. Kwa hiyo kiasi cha kuacha dukani hakiamuliwi na ukubwa wa shelfu wala na ukarimu wa mwenye duka. Kinaamuliwa na mauzo ya kati ya hesabu moja na nyingine, ukiongeza makopo mawili au matatu ya akiba. Mara ya kwanza hujui mauzo hayo, ndiyo maana mzigo wa kwanza uwe mdogo.

Karatasi ya mali kauli haihitaji wakili. Ukurasa mmoja wenye nakala mbili unatosha, lakini mambo machache lazima yasomeke humo: idadi, namba ya toleo la mzigo, bei unayokabidhi, bei ya shelfuni, siku ya kuhesabu, na siku ya mwisho ya makubaliano. Siku hiyo ya mwisho ina maana yake kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, bidhaa iliyotolewa kwa masharti ya kuuza au kurudisha huhesabika imenunuliwa ikiwa muda uliowekwa umepita na aliyeichukua hajaikataa. Muda usipowekwa, kipimo kinakuwa "muda unaofaa", nao muda unaofaa ni kitu cha kubishania. Ukiandika "makopo yasiyorudishwa hadi tarehe 30 Juni yamenunuliwa kwa 8,000 kila moja", umeufunga mjadala.

Kuna mstari mmoja zaidi unaookoa urafiki mwingi: kilichokosekana kimeuzwa. Hesabu ya mali kauli ni kutoa tu. Yalikuwepo 10, hukuongeza, yamebaki 3, basi 7 yameuzwa, na 7 mara 8,000 ni 56,000. Mwenye duka akisema mawili yameibiwa, inawezekana kabisa ni kweli. Ila mlango, kamera na muuzaji ni vyake, wewe huna namna ya kumlinda mtu asiweke kopo mfukoni. Kwa upande wako nawe ubebe kinachokuhusu: kopo linalovuja, harufu iliyogeuka, mafuta yaliyoota ukungu. Kilichoharibika kirudishwe chenyewe, kopo na kifuniko chake, siyo kwa maneno. "Lile tulilitupa" ihesabike kuwa mauzo.

Na sahihi iwe ya mwenye duka, pamoja na muhuri wa duka. Kijana wa kaunta anaweza kuwa mwema kuliko bosi wake, lakini mwezi ujao atakuwa kahamia kwingine, na mpya atakuambia hajui habari za mafuta yako.

Famasi zina jambo lao la ziada. Mfamasia anaogopa mkaguzi kuliko anavyoogopa hasara, na ana haki. Tangu 2019 usajili wa vipodozi Tanzania Bara umekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, badala ya iliyokuwa TFDA. Bidhaa yako ikiwa haina usajili, viambato havikuandikwa, au haina tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, anaweza kukuruhusu uiweke leo na kuiondoa kesho akisikia ukaguzi umeingia mtaani. Balaa jingine hutoka kwenye maneno ya lebo. Ukiandika "yanatibu ukurutu na fangasi", umekiondoa kipodozi chako kwenye vipodozi na kukiita dawa, na dawa ni mambo ya TMDA, mlango mwingine kabisa. Kwa makubaliano yenu maana yake ni hii: mzigo ukiondolewa kwa kosa la lebo au usajili, hasara ni yako hata kama uliuza kwa jumla, na mwenye famasi makini ataliandika hilo. Usilikatae. Rekebisha lebo kwanza.

Kitu kingine ambacho wauzaji wa mafuta ya mgando hukisahau katika mapatano ni joto. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 24 au 25, na shea huyeyuka juu kidogo ya 30. Februari ya Dar es Salaam, karibu na dirisha la kioo, kopo lote linakuwa uji mchana na kuganda tena usiku. Shea ikiganda polepole hutoa chengachenga kama semolina. Hazina madhara kwa ngozi, lakini mteja akifungua anadhani mafuta yameoza, anairudisha, na mwenye duka anaihesabu kama mbovu yako. Kwa hiyo mahali pa kukaa kopo ni sehemu ya masharti. Andika "mbali na dirisha na taa", na mkubaliane kwamba yaliyoyeyuka kwa kuwekwa juani ni ya duka. Kama duka lote ni jua tupu, peleka sabuni huko na mafuta uyaweke kwingine, au ongeza nta kwenye mapishi ya msimu wa joto.

Supamaketi ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoanguka kutoka juu. Mtengenezaji huona jina lake kwenye shelfu ndefu yenye taa na kuamini amefika. Lakini supamaketi inanunua kwa ankara na kulipa baadaye, na hiyo "baadaye" nayo ina lugha yake. Siku 30 kuanzia lini? Kama ni kuanzia siku ya kupokea mzigo, sawa. Kama ni siku 30 baada ya mwisho wa mwezi wa ankara, mzigo uliopeleka tarehe 2 Machi unaanza kuhesabiwa tarehe 31 Machi na kulipwa tarehe 30 Aprili. Hizo ni siku 59, na bado zinaitwa siku 30.

Weka hilo kwenye hesabu yetu. Matawi kumi yanachukua makopo 24 kila moja, jumla 240, yenye gharama ya 1,200,000. Yanaagiza kila mwezi. Ukilipwa baada ya miezi miwili, oda ya pili na ya tatu zinatakiwa ziingie kabla hela ya kwanza haijatoka vizuri. Unatakiwa uwe na 3,600,000 zilizolala kwenye shelfu za mtu kabla hujaonja faida. Asiye nazo hukopa kwa riba ili amkopeshe mwenye supamaketi bila riba.

Kisha kuna kodi. Kopo la 10,000 kwenye duka lililosajiliwa VAT lina ndani yake kodi ya asilimia 18 kwa kiwango cha kawaida cha Bara. Ukiitoa inabaki takribani 8,475. Supamaketi huchukua asilimia yake kwenye kiasi hicho: thelathini yake ni kama 2,540, na wewe unabaki na 5,930, siyo 7,000 uliyoizoea kwa Mangi wa mtaani asiye na VAT. Kwa mtengenezaji mdogo ambaye mwenyewe hajasajiliwa VAT, hilo pengo halina pa kuzibwa isipokuwa kwenye bei. Ili apate 7,000 yake, shelfu ya supamaketi lazima isomeke 11,800. Na hapo Mangi anauza 10,000, mteja anayaona yote mawili, na mnunuzi wa supamaketi anakupigia simu. Wengi hulitatua kwa kuipa supamaketi ujazo tofauti, tuseme kopo la gramu 200, ili bei zisilinganishwe kirahisi. Ni ujanja halali, ingawa unakulazimu kununua makopo na lebo za aina mbili.

Soma pia kifungu cha kurudisha. Mikataba mingine inasema umeuza kwa jumla, kwa punguzo la jumla, halafu mbele inasema supamaketi inaweza kurudisha kisichotoka au kilichokaribia kuisha muda na kukata thamani yake kwenye malipo yajayo. Hiyo ni mali kauli iliyovaa kanzu ya jumla: umetoa punguzo kubwa na hatari imebaki kwako. Ukikutana nacho, omba kimoja kati ya viwili, punguzo lishuke au urudishaji uwekewe ukomo, kwa mfano usizidi kopo moja katika kila kumi, na kinachorudi kiwe na angalau miezi mitatu ya maisha kabisa ili uweze kukiuza kwingine.

Na supamaketi kubwa huanguka. Uchumi ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt, iliyoingia Tanzania kwa kuchukua maduka ya Shoprite mwaka 2014, iliwekwa chini ya msimamizi na mahakama ya Kenya Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ifungwe moja kwa moja. Waliouza kwa mkopo walibaki kwenye foleni ya wadai, nyuma ya benki zenye dhamana. Kenya ilirekebisha sheria yake ya ushindani mwaka 2019, na kuchelewesha malipo ya msambazaji bila sababu kukahesabiwa kuwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi. Kwa mtengenezaji mdogo ulinzi wa karibu zaidi ni kuweka ukomo wake mwenyewe: kwamba duka lolote, hata liwe na escaleta na kiyoyozi, halitadaiwa zaidi ya kiasi fulani. Likifika hapo, oda inayofuata inasubiri malipo.

Ukomo huo unafaa hata kwa duka dogo. Dalili za duka litakalokusumbua huonekana mapema. Kopo zako zinahamia shelfu ya chini, kisha stoo. Hesabu inaonyesha saba zimeuzwa lakini bosi "hayupo, pita Ijumaa". Mara nyingi siyo wizi. Hela ya makopo yako imemlipa msambazaji wa soda, wa maji na wa sabuni za kiwandani, ambao wanadai taslimu na wasipolipwa gari haliteremshi kitu. Mtu wa mali kauli hulipwa wa mwisho kwa sababu yeye ndiye asiyekasirika. Kwa hiyo kanuni iwe moja na itangazwe siku ya kwanza, kwa heshima: mzigo mpya unashuka baada ya mzigo uliouzwa kulipwa, hapo hapo kwenye kaunta, kwa lipa namba au taslimu.

Kuna jambo moja ambalo mwenye duka ana haki ya kulidai nawe usilivunje. Ukishakubaliana kwamba shelfuni ni 10,000, na wewe kwenye Instagramu na Watsapu uuze 10,000. Mwenye duka akikuta unauza 7,500 na "delivari bure", amekuwa chumba chako cha maonyesho: watu wanakuja kunusa kwake, wananunua kwako. Ukitaka kufanya ofa, mjulishe kabla, na ofa iwe kwa maduka yote. Vivyo hivyo kopo la kujaribia. Litoe wewe, liandikwe "la kujaribia", na lisiingie kwenye hesabu. Bila hilo, muuzaji atafungua moja la kuuza, na mwisho wa mwezi mtagombana juu ya kopo lililoishia mikononi mwa wapita njia.

Baada ya hesabu mbili au tatu zilizolipwa vizuri, ndipo pa kuhama. Usimwambie mwenye duka ghafla kwamba sasa ni taslimu tu. Mpe bei. "Kaka, kwa mali kauli naikabidhi 8,000. Ukinilipa leo, nakupa 7,000, na kisichotoka ndani ya siku 60 nakubadilishia kwa harufu nyingine." Kubadilishana siyo kurudisha hela: yeye hapotezi, nawe fedha haitoki. Anayesitasita, mwanzishe na nusu kwa nusu, makopo sita ya kulipia na manne ya kuweka. Famasi nyingi zitakubali, kwa sababu mauzo wameshayaona kwenye daftari lao wenyewe.

Duka lisilouza hata makopo matatu kwa mwezi baada ya hesabu tatu, lishukuru na uondoe mzigo. Nenda asubuhi siku isiyo na wateja wengi, hesabu mbele ya mwenyewe, pokea hela ya yaliyouzwa, na nakala zote mbili za karatasi ziandikwe "imefungwa" na kusainiwa. Makopo yanayorudi yafungue jikoni kwako, nusa, angalia chengachenga na tarehe, kabla hujayaingiza kwenye sanduku la duka jingine.